Nondo za upande mrefu hazikuwekwa kushikilia tu

*"Mtaalamu, shikamoo. Wiki ijayo tunamwaga slabu ya ghorofa ya kwanza, unene sentimita 15. Chumba kimoja ni mita 3 kwa 6.6, sebule ni 4.5 kwa 5, na kuta ziko pande zote nne. Fundi amepanga nondo za milimita 10 kila sentimita 20 zikivuka upande mfupi, vyumba vyote viwili. Upande mrefu ameweka za milimita 8 kila mita moja, anasema hizo ni za kushikilia tu nondo kuu zisihame. Mimi nilidhani upande mrefu ndio ungehitaji nondo nyingi. Nani yuko sahihi, na ipi inakaa chini ya mwenzake?"*

Marahaba. Kwenye chumba kile chembamba fundi wako amepatia mwelekeo wa nondo kuu, ila zile anazoziita za kushikilia, ambazo kitaalamu ni nondo za usambazaji, ni chache mno. Kwenye sebule amekosea jambo zito zaidi, kwa sababu pale nondo za upande mrefu hazistahili hata kuitwa za usambazaji. Pale nazo ni nondo kuu. Habari njema ni kwamba zege bado halijamwagwa, na yote mawili yanarekebishika kwa kazi ya siku moja.

Nianze na dhana yako, maana wengi wanayo: kwamba upande mrefu ndio wenye shida, basi nondo zijae huko. Chukua slabu ya chumba cha mita 3 kwa 6.6, kisha kwa mawazo tu ikate mikanda miwili yenye upana wa mita moja. Mkanda mmoja unavuka upande mfupi, mwingine unavuka upande mrefu, nao wanakutana katikati ya chumba. Mikanda hii haijapandana kama mbao mbili zilizowekwa juu ya nyingine. Ni zege moja. Kwa hiyo pale inapokutana lazima ibonyee kwa kiasi kilekile. Mmoja hauwezi kushuka milimita tano na mwenzake ukashuka mbili.

Hapo ndipo mzigo unapochagua njia. Mkanda ukiurefusha mara mbili bila kubadilisha mzigo wala unene, unabonyea mara 16, si mara mbili. Kubonyea kunafuata urefu uliozidishwa kwa wenyewe mara nne, yaani 2 × 2 × 2 × 2. Kwa chumba chako, 6.6 kugawa kwa 3 ni 2.2, na 2.2 ikijizidisha mara nne inakuwa takriban 23.4. Maana yake, kama mikanda yote miwili ingebebeshwa mzigo sawa, ule mrefu ungebonyea mara 23 zaidi ya ule mfupi. Lakini hauruhusiwi, umeshikana na mwenzake. Ili wabonyee sawa, mkanda mrefu unabaki na sehemu moja tu ya mzigo na mkanda mfupi unabeba sehemu 23.4. Katika kila kilo 100 unazoweka katikati ya chumba, karibu kilo 96 zinakwenda kwenye kuta ndefu kwa kupitia upande mfupi. Kilo 4 tu ndizo zinazosafiri kwenda kwenye kuta fupi.

Hii ndiyo sababu tunaiita slabu ya njia moja. Mzigo hupita pale palipo pagumu kupinda, na upande mfupi ndio mgumu. Kanuni ya mezani ni kwamba upande mrefu ukizidi mara mbili ya mfupi, tunahesabu kama mzigo wote unapita upande mfupi. Kwenye mara mbili kamili, mkanda mfupi unabeba asilimia 94, kwa hiyo hakuna hasara kubwa ya kupuuza zile sita zilizobaki.

Sasa sebule. Mita 5 kugawa kwa 4.5 ni 1.11, nayo ikijizidisha mara nne ni 1.52 tu. Upande mfupi unabeba asilimia 60, upande mrefu asilimia 40. Hii ni slabu ya njia mbili, na ule upande mrefu unabeba karibu nusu ya watu, samani, vigae na uzito wa zege lenyewe. Fundi ameupa nondo za kuushikilia.

Kabla sijaenda mbali, uliandika kwamba kuta ziko pande zote nne. Nenda ukahakikishe sebuleni, kwa sababu kinachoamua njia ya mzigo ni mahali slabu ilipokalia. Vipimo vya chumba vinakuja baada ya hapo. Slabu ya mraba kamili iliyokalia kuta mbili tu zinazotazamana ni ya njia moja, hata kama pande zake ni sawa. Sebule mara nyingi huwa na mlango mpana au dirisha kubwa upande mmoja. Kama juu ya uwazi huo kuna boriti yenye kina cha kutosha, iliyokokotolewa kubeba slabu, hesabu ya pande nne inasimama. Kama ni lenta nyembamba tu, upande huo unalegea pamoja na slabu, na hapo umebakiwa na pande tatu. Hesabu nitakayokupa haitafaa.

Nifanye hesabu ya chumba chembamba kwanza, polepole, ili uone kila nondo inatoka wapi.

Unene wa sentimita 15 unaleta uzito wa zege wa kilonyutoni 3.6 kwa kila mita ya mraba. Plasta, sakafu na vigae tuseme 1.4. Watu na samani, 2. Ukizidisha mizigo hii kwa viwango vya usalama unafika karibu 10. Kilonyutoni 10 ni kama tani moja, kwa hiyo jichoree tani moja imekaa juu ya kila mita ya mraba. Kwa mkanda wa mita 3 uliokalia kuta mbili, nguvu ya kuupinda katikati ni:

```
M = w × L² / 8 = 10 × 3² / 8 = 11.25 kNm kwa kila mita ya upana
```

Slabu ikipinda hivyo, upande wa juu unabanwa na upande wa chini unavutwa. Zege linapenda kubanwa na linachukia kuvutwa, ndiyo maana nondo zinakaa chini. Nguvu ya nondo inategemea vitu viwili: chuma chenyewe, na umbali kutoka chuma hicho hadi kwenye zege linalobanwa juu. Umbali huo ndio mkono wa mzani. Funiko la zege chini ya nondo likiwa milimita 20 na nondo ikiwa ya 10, katikati ya nondo iko milimita 125 kutoka juu ya slabu. Mkono wenyewe unakuwa kama 119. Kwa chuma cha nguvu 500, unahitaji milimita za mraba 217 za chuma kwa kila mita ya upana. Nondo za 10 kila sentimita 20 zinatoa 393. Zinatosha, na akiba hiyo inasaidia slabu isilegee sana. Fundi wako hajakosea hapa.

Ipi inakaa chini? Jibu limo kwenye huo mkono wa mzani. Inayobeba zaidi ndiyo inayopewa mkono mrefu, yaani ndiyo inayokaa chini kabisa, ikigusa vile vitofali vidogo vya zege vya kuinulia nondo. Zile za usambazaji zinalala juu yake na kufungwa kwa waya. Wakizigeuza, nondo ya milimita 8 ikakaa chini na nondo kuu ikapanda juu yake, kimo cha nondo kuu kinashuka kutoka 125 hadi 117 na unapoteza kama asilimia 6 ya nguvu bila kupunguza hata kipande cha chuma. Asilimia 6 si maangamizi. Ila ni nguvu uliyoinunua ukaitupa, na kwenye slabu nyembamba zaidi hasara inakua.

Juu ya kuta za kati, pale slabu inapoendelea kwenda chumba cha pili, mambo yanageuka juu chini. Slabu pale inapinda kama mgongo, upande wa juu ndio unaovutwa, na nondo kuu za juu zinatakiwa ziwe juu kabisa, za usambazaji zikiwa chini yake. Hizi ndizo nondo zinazoonewa kuliko zote kwenye eneo la ujenzi. Zinafungwa vizuri asubuhi, halafu wabeba zege wanazikanyaga mchana kutwa. Nondo ya juu ikishuka sentimita 4 kutoka mahali pake, kimo chake kinatoka 125 hadi 85, na karibu theluthi ya nguvu yake imekwenda. Zinahitaji viti vya nondo vya chini yake, vilivyo imara, na mbao za kupitia ili mguu wa mtu usitue kwenye chuma.

Sasa nifike kwenye zile za milimita 8 ambazo fundi anaziita za kushikilia. Ni kweli zinashikilia. Nondo kuu bila kitu cha kuzifunga zitasukumwa na zege na vaibreta hadi nyingine zikae sentimita 10 na nyingine 35. Lakini kama hiyo ndiyo ingekuwa kazi yake pekee, kila mita moja ingetosha, na fundi angekuwa sahihi.

Kazi ya kwanza iliyosahaulika ni kusinyaa. Zege likikauka linapungua, na zege la kawaida linaweza kusinyaa kama milimita 0.4 kwa kila mita. Katika urefu wa mita 6.6 hiyo ni milimita 2.6. Kama slabu ingekuwa huru ingefupika tu, na hakuna ambaye angejua. Lakini haiko huru: imeshikwa na kuta, boriti na slabu za jirani, inataka kufupika na inazuiwa, kwa hiyo inavutwa. Na zege linavumilia kuvutwa kama milimita 0.1 tu kwa kila mita kabla ya kupasuka. Ongeza na joto: slabu ya urefu huo ikipoa nyuzi 20 inataka kufupika milimita 1.3 nyingine. Ufa hauna budi kuja.

Chuma hakizuii ufa huo usitokee. Watu wengi hufikiri hivyo, kisha wakiona nyufa nyembamba wanamlaumu fundi. Kazi ya chuma ni kuamua ufa utakuwa wa aina gani. Zege likipasuka mahali pamoja na nondo ikapita pale, nondo inashika pande mbili na kuvuta, mvuto unarudi kwenye zege la pembeni, na ufa mwingine unatokea mbele kidogo, kisha mwingine. Ile milimita mbili na zaidi inagawanyika kwenye nyufa nyingi nyembamba kama unywele, ambazo maji hayapiti na jicho halizioni. Kama nondo ni chache, pale zege linapopasuka chuma kinazidiwa na kurefuka, na ufa ule wa kwanza unaendelea kufunguka peke yake. Milimita zote zinaingia humo.

Upande mfupi wa chumba chako nondo kuu zinafanya kazi hii bila kuambiwa. Upande mrefu hakuna wa kuifanya isipokuwa nondo za usambazaji, na kwa bahati mbaya upande mrefu ndio wenye urefu mwingi wa kusinyaa.

Niliwahi kuitwa kuangalia slabu ya chumba kirefu cha aina hii. Nondo kuu zilikuwa nzuri, haikulegea hata kidogo. Lakini ilikuwa na nyufa mbili, zimenyooka kutoka ukuta mmoja mrefu hadi wa pili, zimekata unene wote wa slabu. Mwenye nyumba alikuwa anapiga deki juu, na chini yake kwenye dari mstari wa unyevu ulijichora ukifuata ufa uleule, pembeni yake chumvi nyeupe. Tulipotoboa kidogo kutafuta nondo za upande mrefu tulipata moja, kisha tukasogea karibu mita nzima kabla ya kupata nyingine. Nondo kuu hazikuwa na msaada wowote pale, kwa kuwa zilikuwa sambamba na ufa. Nondo inayolala sambamba na ufa haiushoni.

Kazi ya pili ni kuwaita majirani. Ile hesabu ya tani moja kwa mita ya mraba inadhani mzigo umetandazwa sawasawa kama mchanga. Maisha hayako hivyo. Mtu anajenga ukuta wa kugawa chumba, au anaweka tangi la maji. Ukuta wa tofali jembamba uliopigwa plasta, wenye kimo cha kawaida cha chumba, unaweza kuleta kilonyutoni 7 kwa kila mita ya urefu wake. Ukiujenga ukivuka upande mfupi, mkanda wa mita moja ulio chini yake unajikuta na karibu mara mbili ya mzigo uliohesabiwa. Nondo za usambazaji zikiwepo za kutosha, mkanda ule unapoanza kushuka unawavuta majirani wa kulia na kushoto washuke nao, nao wanabeba sehemu. Zisipokuwepo, mkanda unashuka peke yake na unapasuka pembeni, pale unapoachana na wenzake. Hii haina maana kwamba uongeze ukuta bila kumwuliza mhandisi. Ina maana kwamba slabu isiyo na nondo za kuvuka ni safu ya mbao zilizolala bega kwa bega, na yenye nondo hizo ni bamba moja.

Kazi ya tatu ni ya kujificha kidogo, nami naipenda kwa sababu inaeleza tarakimu ambayo watu huinakili bila kujua maana yake. Bonyeza kifutio kirefu cha mpira ukikipinda: upande unaovutwa unapungua upana. Zege nalo linataka kufanya hivyo. Slabu yako ikipinda upande mfupi, uso wa chini unarefuka kwa upande huo na unataka kupungua kwa upande mrefu, lakini urefu wa mita 6.6 wa zege zito hauruhusu. Matokeo yake, upande mrefu nao unapata nguvu ya kupinda, kama moja ya tano ya ile ya upande mfupi, hata katikati ya slabu ambayo tumekubaliana ni ya njia moja. Kanuni za Ulaya zinataka nondo za usambazaji zisipungue asilimia 20 ya nondo kuu. Sasa unaona kwamba asilimia hiyo inaendana na jinsi zege linavyojiendesha.

Na usisahau ncha za chumba. Yale maelezo ya asilimia 96 ni ya katikati. Ukisogea karibu na ukuta mfupi, slabu inakutana na ukuta ule na kuukalia, haijui kwamba kwenye karatasi tuliuita ukuta usiobeba. Pale mzigo unakwenda njia mbili, na kama slabu inaendelea kupita juu ya ukuta huo mfupi, uso wa juu unavutwa na kupasuka sambamba na ukuta. Kwa hiyo hata kwenye slabu ya njia moja weka nondo za juu zinazovuka kuta fupi. Michoro mingi ninayoletewa imezisahau.

Kiasi gani basi? Kanuni za Uingereza zilizotumika miaka mingi, BS 8110, zilitaka angalau asilimia 0.13 ya eneo la zege kwa nondo zenye nguvu kubwa. Kwa unene wa milimita 150 na upana wa mita moja hiyo ni milimita za mraba 195. Nondo moja ya milimita 8 ina eneo la 50, kwa hiyo nne kwa kila mita zinatoa 200. Hiyo ni nondo ya 8 kila sentimita 25. Fundi ameweka moja kwa kila mita, yaani 50, robo ya kinachotakiwa. Unavyoona, kuifikia kanuni hakuhitaji nondo nene zaidi. Zinahitajika zilezile za 8, ila zikaribiane.

Sebuleni hesabu ni ya pande mbili. Kila mkanda unabeba sehemu yake ya zile kilonyutoni 10:

```
Upande mfupi: 6.04 × 4.5² / 8 = 15.3 kNm
Upande mrefu: 3.96 × 5.0² / 8 = 12.4 kNm
```

Njia hii ya mikanda inapuuza jinsi slabu inavyojisokota, kwa hiyo inakosea kidogo kwa upande wa usalama, nami sioni ubaya. Tazama uwiano: upande mrefu unapindwa kwa nguvu inayokaribia ile ya upande mfupi. Nondo za 10 kila sentimita 20 zilizokaa chini zinaweza kubeba kama 20, zinatosha kwa 15.3. Za upande mrefu zikiwa za 10 pia, kila sentimita 20, zinakaa juu ya zile, kimo chake ni 115, na zinabeba kama 18. Nazo zinatosha kwa 12.4. Hata kwenye slabu ya njia mbili za upande mfupi ndizo zinazokaa chini, kwa kuwa bado ndizo zinazopindwa zaidi.

Sasa linganisha na alivyofanya fundi. Nondo ya 8 kila mita moja inaweza kubeba kama kilonyutoni-mita 2.5 upande mrefu, mbele ya 12.4. Upande huo ukishindwa, mzigo unahamia wote upande mfupi, ambao sasa unapindwa kwa 25 na ulijengewa 20. Nyumba haitaanguka siku ya kuhamia, maana ile 25 ina viwango vya usalama ndani yake. Lakini akiba imeliwa, slabu inalegea zaidi, na nyufa pana zinafunguka chini sambamba na kuta fupi, pale ambapo hakuna chuma cha kuzishika.

Huenda fundi akakwambia amefanya hivi miaka yote na hakuna slabu yake iliyoanguka. Namwamini, na sababu ni hii. Siku mirunda inapoondolewa, slabu inabeba uzito wake tu. Upande mrefu wa sebule yako siku hiyo unapindwa kwa 4.5 hivi, na zege zima la unene huo, ambalo halijapata ufa hata mmoja, linaweza kuhimili kama 9 kwa kuvutwa kwake lenyewe bila nondo yoyote. Kwa hiyo linasimama, limenyooka, na fundi anaondoka na sifa. Kisha vigae vinawekwa, watu wanahamia, zege linakauka na kusinyaa, ufa wa kwanza unakuja. Zege lililopasuka halivutiki tena. Kuanzia hapo kilichobaki ni chuma, na chuma hakipo. Kufikia wakati huo fundi yuko kwenye nyumba nyingine na hajui.

Kabla ya kumwaga, fanya hivi. Hesabu nondo, usikubali kuambiwa. Chumba chembamba kinatakiwa kuwa na nondo 34 za milimita 10 zikivuka upande mfupi, na nondo 13 za milimita 8 zikienda upande mrefu. Kwa mpango wa sasa utakuta 4 tu za 8. Sebuleni utakuta 26 za 10 zikivuka upande mfupi, na zitakiwe 24 za 10 upande mrefu. Kuongeza si shida: za upande mrefu zinalazwa juu ya zilizopo na kufungwa, hakuna kinachofumuliwa. Zile za 8 zilizoko sebuleni zinaweza kutolewa na kupelekwa chumba chembamba. Hakikisha kila nondo ya chini inaingia juu ya ukuta na haikomei kwenye uso wake wa ndani, na ukiinama uone mwanga wa milimita 20 kati ya nondo ya chini na mbao.

Sebuleni angalia pia pembe nne. Slabu ya njia mbili ikibebeshwa katikati, pembe zake zinataka kuinuka, na kama kuna ukuta juu yake unaozikandamiza zinapasuka kwa mshazari. Pembe ambayo slabu inakomea kwa pande zote mbili inahitaji wavu mdogo wa nondo juu na chini, wenye urefu wa moja ya tano ya upande mfupi kila upande. Kwako ni sentimita 90.

Hesabu hizi nimezifanya kana kwamba kila slabu imekalia kuta zake peke yake. Kama vyumba hivi viwili vimeungana kwa slabu moja inayoendelea, nguvu za katikati zinapungua na za juu ya ukuta wa kati zinaongezeka, na nondo za juu pale ni lazima zikokotolewe. Mwonyeshe mhandisi aliyechora. Akikupa nafasi tofauti na zangu huku ameshika mchoro wenye kuta na boriti zote, fuata zake.

Na kama siku moja utaona ufa kwenye slabu yoyote ya chumba kirefu, tazama umelala upande gani kabla ya kuuliza chochote. Ukiwa chini ya slabu, katikati ya chumba, sambamba na kuta ndefu, basi nondo kuu zimezidiwa au zimeinuka, na hapo rudisha mirunda na uite mtu siku hiyohiyo. Ukiwa unavuka kutoka ukuta mrefu hadi mwenzake na unaonekana juu na chini mahali palepale, ni zege lililosinyaa bila kukuta nondo za usambazaji za kutosha. Huo unaweza kuuziba, lakini subiri zege lifikishe mwaka hivi, kwa maana ukiuziba mapema utafunguka tena pembeni ya kiraka.